Malipo Yasiyo na Mwenyewe

Waungwana husema mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Alhaji Hanif Shee akitoa, hujua mkono wa kushoto, hujua jirani, hujua imamu, na hujua watu wa Lamu ambao hawajapata kuiona nyumba yake ya Spring Valley hata kwa picha. Zainab alimjua tangu alipoolewa na Ridhwan, mdogo wa Alhaji, na sasa miaka sita baada ya talaka hakuwa ameona sababu ya kubadili mawazo. Kwake yeye Alhaji alikuwa debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Ahadi ya karo ya Nabiha, kwa mfano, aliitoa baada ya biriani. Hakuitoa kabla, maana kabla watu walikuwa na njaa na wasingemsikiliza vizuri. Ulikuwa mwanzo wa muhula wa pili, ukoo mzima umejaa sebuleni kwake, na Nabiha, binti wa Zainab na Ridhwan, yuko kidato cha nne katika shule moja ya kutwa kule Muthangari. Karo ya muhula ilikuwa elfu sitini. Alhaji akajipangusa vidole kimoja kimoja, akakohoa ili wanyamaze, kisha akasema, "Nusu ni yangu. Mtoto wa Ridhwan ni mtoto wangu."

Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Kigelegele, jamani, kwa ajili ya karo. Ridhwan akainama akambusu kaka yake mkono, naye Zainab akatazama pembeni, kwa sababu kulikuwa na mambo ambayo tumbo lililoshiba halipaswi kuyaona. Ridhwan huyo alikuwa muuza vipuri Kirinyaga Road, mwanamume mwenye ndevu na kibarua chake, lakini kaka yake akipiga chafya, yeye ndiye aliyetafuta kitambaa.

Nusu iliyobaki ikagawanywa: kumi na tano za Ridhwan, kumi na tano za Zainab, ambaye alikuwa akiuza buibui na mitandio katika kibanda cha ghorofani karibu na Biashara Street, akilala Kabiria. Kisha Alhaji akaongeza sharti. Kila mtu atalipa mwenyewe, moja kwa moja shuleni, pesa isipite mikononi mwa watu. Aliposema "watu," macho yote yakamgeukia Zainab, kana kwamba sebuleni mle hakukuwa na watu wengine.

Shule yenyewe haikupokea pesa taslimu. Ungeweza kwenda benki, kwenda kwa wakala wa benki mtaani, au kutuma kwa simu, na shule haikujali umechagua njia gani wala umelipa kwa vipande vingapi. Ilijali kitu kimoja tu: namba ya usajili ya mtoto. Namba ya Nabiha ilikuwa 4127. Iliandikwa kwenye karatasi ya karo kwa herufi nene, na chini yake pameandikwa kwamba namba hiyo ndiyo akaunti, na kwamba malipo yasiyo na namba hayatamfikia mtoto. Zainab aliipiga picha karatasi hiyo akaiweka kwenye kundi la WhatsApp ambalo Alhaji alilifungua siku ile ile. Kundi liliitwa Karo ya Nabiha. Lilikuwa na watu arubaini, na waliolipa karo walikuwa watatu.

Hao thelathini na saba kazi yao ilikuwa kutazama. Alhaji aliamuru kila anayelipa aweke risiti kundini, kwa uwazi, na Zainab akatii. Alilipa elfu tano kwa wakala wa Kabiria, akaweka picha ya risiti, na binamu mmoja wa Mombasa akauliza mbona muhuri umefifia. Akalipa elfu nne, wakauliza mbona nne na si tano. Akalipa elfu sita, akamaliza zake, na hakuna aliyeuliza wala aliyeshukuru. Ridhwan alikwenda benki akaweka elfu kumi, halafu akatuma elfu tano kwa simu, naye akaweka risiti zake na kuandikiwa mashallah mbili.

Alhaji alituma kumi za kwanza kwa simu na kuweka picha ya ujumbe wa M-Pesa. Kundi likafurika. Mashallah, tabarakallah, mkono wa kheri, mpaka Zainab akalizima lile lisimu lisiendelee kulia mbele ya wateja. Kumi za pili zilikuja kwa ujumbe wa sauti. "Assalaam aleikum. Nimepiga kumi nyingine," alisema Alhaji, na nyuma yake ilisikika milio ya magari, ili watu wajue ametuma akiwa safarini. Kumi za tatu nazo zilikuja kwa sauti, fupi zaidi: "Nimemaliza yangu. Alhamdulillah." Risiti? Nani amwulize Alhaji risiti. Muhuri wa muuza mitandio ulichunguzwa kama noti bandia, na sauti ya Alhaji ikachukuliwa kama hati ya serikali. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na ukoo huu ulimpisha hata pale ambapo hakuwa anapita.

Basi kwa hesabu ya kundi, thelathini na kumi na tano na kumi na tano ni sitini. Karo imekwisha. Watu wakahamia kundi jingine, la harusi.

Ikaja Julai na baridi yake. Jumatatu moja Nabiha alirudishwa kutoka shule, akaja kibandani kwa mama yake kabla ya adhuhuri, sweta limefungwa mpaka shingoni, karatasi mkononi. Alikuwa msichana asiyelia ovyo, lakini siku hiyo alisema akitazama ukuta.

"Mama, wanasema tunadaiwa elfu thelathini. Mtihani wa majaribio unaanza Alhamisi. Asiyemaliza karo hakai mtihani."

Zainab akaisoma karatasi mara ya kwanza, akaisoma tena. Salio: 30,000. Mtihani wa majaribio si mchezo. Ndio unaompa mtoto kipimo chake kabla ya ule wa taifa, na shule ile ilitumia alama zake kupanga nani asaidiwe somo gani. Nabiha alikuwa amekesha mwezi mzima na kemia. Zainab akaipiga picha ile karatasi, akaiweka kundini, akaandika kwa adabu zake zote: Jamani, shule inasema bado thelathini. Tuangalie pamoja.

Hawakuangalia pamoja. Alhaji alituma sauti ya dakika nne.

"Mimi thelathini," alisema. "Ridhwan kumi na tano. Hizo ni arubaini na tano. Hata kama kuna mtu hakulipa zake, shule ingedai kumi na tano. Sasa inadai thelathini. Ina maana kuna mtu hakulipa zake, na juu yake akaongeza za kula. Simtaji mtu. Lakini sisi wanaume tumelipa."

Hesabu gani hiyo? Mtu anawezaje kula pesa ambazo kila mwenye nazo alizipeleka shuleni mwenyewe? Hata mtoto wa chekechea angeuliza. Lakini ukoo haukuuliza, ukoo uliandika inna lillahi. Binamu wa Mombasa akakumbusha kwamba yeye aliuona ule muhuri tangu mwanzo. Shangazi wa kigelegele akasema siku hizi risiti zinachapishwa River Road kwa shilingi hamsini. Halafu Ridhwan, ambaye aliishi na Zainab miaka kumi na mitatu na hakuwahi kumkuta na senti isiyo yake, akaandika: Mama Nabiha, sema ukweli, Mungu anakuona.

Ilimuuma. Hakuna haja ya kuficha, ilimuuma mpaka akakaa chini kwenye marobota ya vitambaa na kumwambia mteja asubiri. Jioni mama yake mzazi, ambaye naye alikuwa kundini, alimpigia simu kutoka Lamu. "Mwanangu," alisema mama kwa sauti ya chini, "kama ulibanwa, si ungesema tu?" Zainab alimjibu kwamba hakubanwa. Mama akauliza habari za baridi.

Asubuhi ya Jumanne alikwenda Muthangari na risiti zake kwenye mfuko wa plastiki. Mhasibu wa shule aliitwa Debra Nzomo, mwanamke mwenye miwani na chupa ya chai ya tangawizi, amekaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo. Alikuwa amewahi kutukanwa na wazazi wa kila aina na haikumwondolea hamu ya chai.

"Tuanze na yenye uko nayo," alisema Debra. "Nisomee moja moja na njia ulitumia, na mimi naangalia kwa hii mashine."

Zainab akasoma. Wakala, elfu tano. Ipo. Wakala, elfu nne. Ipo. Wakala, elfu sita. Ipo. Kisha akafungua kundi akasoma za Ridhwan kutoka kwenye picha zake. Benki, elfu kumi. Ipo. Simu, elfu tano. Ipo.

"Hizo ni thelathini," alisema Debra. "Zote ziko kwa 4127. Karo ni sitini. Salio thelathini. Ni sawa vile karatasi inasema."

Zainab alishusha pumzi. Angalau zake zilikuwa hapo, kwenye mashine ya watu, na si kwenye tumbo lake. Akauliza za Alhaji. Debra akaomba kuona ujumbe, naye akamwonyesha ile picha ya kumi za kwanza, ile iliyomwagiwa mashallah na watu arubaini. Debra akaikuza kwa vidole viwili, akaisoma, akavua miwani.

"Mama, umeona hii akaunti?"

Zainab akainama dirishani. Pale penye nafasi ya akaunti, ambapo Ridhwan aliandika 4127, palikuwa pameandikwa ALHAJI HANIF.

Alilicheka lile jina, kicheko kidogo cha puani ambacho mama yake alimkataza tangu utotoni. Mtu ameulizwa akaunti ya mtoto, akajaza cheo chake. Alitaka pesa ikiingia shuleni ipige hodi, imtangaze, mwalimu mkuu atoke nje kuuliza ni mheshimiwa gani huyu. Na picha ilikuwa kundini wiki nyingi, watu arubaini wameitazama, yeye Zainab mmoja wao, na hakuna aliyeisoma. Walikuwa wakisifu tu.

"Mashine haijui Alhaji," alisema Debra. "Inajua namba. Hii pesa imefika, sikatai, lakini inakaa kando kwa malipo yenye haina mwenyewe. Kila muhula naipata. Kuna mmoja aliandika KARO. Mwingine aliandika MTOTO WANGU."

"Basi ihamishe. Si unaona ujumbe huu hapa?"

Debra akatikisa kichwa. Mwaka uliopita mzazi mmoja alileta picha kama hiyo, iliyotumwa kutoka simu hadi simu, akadai pesa ya mtu mwingine akaipata. Tangu hapo shule iliweka utaratibu: aliyelipa aje mwenyewe na simu iliyotuma na kitambulisho chake, asomewe kila malipo kwa msimbo wa ujumbe wake wa M-Pesa, ndipo yahamishwe kwa mtoto. "Nakuambia tu kuna pesa kwa hilo jina. Ni ngapi, siwezi kukuambia. Aje mwenyewe."

Zainab alitoka pale moyo mwepesi. Yalikuwa majivuno tu, basi, majivuno ya kawaida, na dawa yake ilikuwa safari moja. Akaandika kundini, kwa heshima iliyopita kiasi: Shemeji Alhaji, pesa zako ziko salama shuleni. Jina liliandikwa mahali pa namba. Mhasibu anakuomba ufike na simu yako na kitambulisho azihamishe kwa Nabiha. Kabla ya Alhamisi, tafadhali.

Ukoo ukalipuka kwa furaha. Nenda Alhaji, ukaimalize fitina. Nenda ukamwonyeshe. Shangazi akasema kila mwenye haki Mungu humsimamia. Ni Alhaji peke yake aliyekaa kimya, na alipojibu, baada ya swala ya alasiri, alisema ana wageni wa kontena lake la vigae. Atamtuma dereva. Zainab akajibu kwamba dereva hapokelewi. Alhaji akasema hao wa shuleni hawajui wanazungumza na nani. Zainab akaona mzee anaogopa foleni, anaogopa kusimama nyuma ya mama mboga na kitambulisho mkononi, akamdharau zaidi.

Aliyemfunga kamba Alhaji ni Ridhwan. Kwa mapenzi yake yote kwa kaka yake, na kwa hamu yake ya kumwona Zainab akiaibika, aliandika: Kaka, kesho nitakuja Spring Valley mapema tuende pamoja. Usijisumbue na lolote, mimi nitakushikia foleni. Watu thelathini wakaweka dole gumba. Ungekuwa wewe ni Alhaji ungetokea wapi?

Jumatano walikutana watatu, Alhaji na koti lake la sufi juu ya kanzu, Ridhwan nyuma yake amebeba mwavuli wa kaka, na Zainab akiwangojea karibu na dirisha. Foleni ilikuwa ya wazazi saba au wanane. Alhaji aliipita akaenda moja kwa moja dirishani.

"Mzee, laini inaanzia huku," alisema baba mmoja aliyevaa aproni ya buchari, bila hasira.

Ridhwan akataka kumwambia yule baba huyu ni nani, lakini Alhaji alikuwa amekwisha kurudi nyuma. Alisimama kimya. Kwa mtu aliyezoea kumwelezea kila aliye karibu bei ya vigae vya Uchina, ukimya ule ulikuwa mpya, na Zainab aliutazama kwa raha. Zamu yao ilipofika, Alhaji alisukuma kitambulisho chini ya nondo na kusema kwa haraka, "Binti, zihamishe zote kwa huyo mtoto. Hakuna haja ya kusoma, tuna haraka."

"Lazima nisome, mzee. Nasoma hapa, wewe unanionyesha kwa simu. Ndio utaratibu."

"Mimi nimekuruhusu."

"Si wewe unaruhusu," alisema Debra, akanywa funda la chai. "Jina Alhaji Hanif. Ziko tatu. Ya kwanza, elfu kumi."

Alhaji akaonyesha simu. Msimbo ukalingana. Debra akaandika 4127 mbele ya ile elfu kumi.

"Ya pili, elfu moja."

Nyuma yao baba wa buchari alikuwa akikohoa. Ridhwan alisogea karibu na dirisha, akatabasamu, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Kumi, madam. Elfu kumi."

"Ni moja. Mzee, nionyeshe simu. Ndiyo hii, si ndiyo? Moja. Na ya tatu, elfu moja." Debra akaandika, akabonyeza, akangoja. "Imeisha. Jumla ni kumi na mbili."

Zainab alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni, na haikuwa furaha, ingawa baadaye alijaribu kuiita hivyo. Alikuwa amekuja na dharau ya majivuno, dharau nyepesi ya kuchekea, na sasa alikuwa na mzigo mwingine kabisa. Mtu huyu alituma elfu mbili, akazitangaza ishirini, kisha akamwita yeye mwizi. Alituma hizo moja moja ili simu yake iwe na ujumbe wa kuonyesha kwa mbali. Na alipoliona salio la thelathini kundini, yeye peke yake katika watu arubaini ndiye aliyejua angalau kumi na nane zimekwenda wapi: hazijatoka mfukoni mwake.

"Ulinionyesha," alisema Ridhwan. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pale msikiti wa Jamia, tukivaa viatu. Ulinionyesha ujumbe."

"Ni mtandao," alisema Alhaji. "Nilipiga sifuri, simu haikuichukua."

"Mara mbili?" aliuliza Zainab.

Alhaji hakumtazama. Alimwambia Debra aandike kwamba yeye atatuma zilizobaki jioni, na Debra akamwambia, kwa upole wa mtu aliyesema hivyo mara nyingi, kwamba mashine haina mahali pa kuandika atatuma. Salio ni elfu kumi na nane, na orodha ya mtihani inafungwa saa kumi. Alhaji akajipapasa koti. Simu yenye pesa, alisema, iko garini. Akachukua kitambulisho chake, akamwomba Ridhwan mwavuli ingawa mvua haikuwa ikinyesha, akatoka kwa mwendo wa mtu anayetarajiwa mahali pengine. Waliisikia gari ikiwaka. Waliisikia ikigeuza, ikipita langoni, ikiteremka. Ridhwan aliendelea kutazama mlango.

"Baba Nabiha," alisema Zainab, "hatarudi."

"Labda anakwenda kwa wakala."

"Hatarudi, nimekwambia. Una kiasi gani?"

Alimdharau wakati ule kuliko alivyomdharau Alhaji. Mwongo angalau anajua anachofanya. Huyu alikuwa amempa mwongo bega la kupandia. Alitaka kumwambia hayo yote pale pale, mbele ya baba wa buchari, na alikuwa na maneno tayari, mazuri, ya kukata. Lakini saa ilikuwa ukutani na mtoto alikuwa Kabiria na vitabu vyake vya kemia. Akayameza.

Ridhwan alikuwa na elfu nne. Akasimama pembeni akachukua mkopo wa simu wa elfu saba, akaona riba yake, akakubali. Zainab alikuwa na elfu saba za kodi ya nyumba, ambazo angempa mwenye nyumba kesho yake, na mwenye nyumba wa Kabiria hakuwa mtu wa kupewa hadithi. Wakatuma, yeye zake na Ridhwan zake. Ridhwan alipofika penye akaunti, Zainab akamsomea juu ya bega, taratibu, "Nne. Moja. Mbili. Saba." Baba wa buchari alingoja bila kulalamika.

Debra akafungua taarifa ya karo mbele yao, akaigeuza ile skrini waione. Sitini. Halafu malipo yote yakiteremka moja moja, ya wakala, ya benki, ya simu, yale matatu yaliyohamishwa, na haya mawili mapya. Chini kabisa, sifuri. Akawachapishia, akagonga muhuri, akaandika jina la Nabiha kwenye orodha ya mtihani kwa mkono wake.

Nje, Ridhwan alisimama kwenye baridi na ile karatasi. "Nisamehe," alisema.

"Mimi hukunitukana hapa. Ulinitukana kundini. Kaniombe radhi huko."

Na aliandika, kwa haki yake lazima tuseme. Aliweka picha ya taarifa ya karo, akaijumlisha chini yake ili hata mvivu aelewe: Zainab 22,000. Ridhwan 26,000. Alhaji 12,000. Jumla 60,000. Salio hakuna. Akaongeza: Zainab hakula senti ya mtu. Mimi nilimsingizia. Nawaomba mjue hivyo. Zainab alimsimamia mpaka alipobonyeza, kisha naye akaituma ile taarifa chini yake kutoka simu yake, akaenda zake mjini kufungua kibanda.

Mchana wote kundi lilikuwa kimya. Aliona watu wakisoma, mmoja mmoja, mpaka alama zote zikawa za buluu. Binamu wa Mombasa alisoma. Shangazi alisoma. Zainab aliuza mitandio minne na kila mara alirudi kuichungulia simu, akijiambia kwamba wanatafuta maneno. Aibu humpa mtu kigugumizi.

Alhamisi asubuhi, Nabiha yumo kwenye chumba cha mtihani, simu ililia. Alhaji alikuwa ametuma sauti.

"Assalaam aleikum, ukoo wangu. Nataka kuwajulisha kwamba jana, pamoja na shughuli zangu, nilifika mwenyewe shuleni kulimaliza suala la karo ya mtoto wetu. Limekwisha. Yalikuwa makosa ya mtandao tu. Nawashukuru wote mlioniunga mkono, kila mtu kwa kadiri yake. Tumwombee Nabiha."

Dua zikaanza kunyesha. Mashallah Alhaji. Mungu akuzidishie, baba. Mkono wa kheri. Bila wewe tungekuwa wapi. Shangazi akatuma kigelegele cha kurekodiwa. Taarifa ya karo ilisukumwa juu, juu, mpaka maandishi ya Ridhwan yakatoka kwenye kioo cha simu, na katikati ya zile dua Zainab akaona moja iliyotoka Lamu, fupi, ya mama yake mzazi. Amin. Allah amhifadhi Alhaji wetu.

Akampigia.

"Mama, uliyasoma aliyoandika Baba Nabiha jana?"

"Niliyasoma, mwanangu. Yote. Nilifurahi sana kwamba hukula."

"Sasa?"

"Sasa, mwanangu, Alhaji ni mtu mkubwa. Akiomba dua utamnyimaje amin?"

Mteja alikuwa amesimama mlangoni na buibui mkononi, akiuliza kama kuna nyingine ndefu zaidi. Zainab akamwambia mama yake watazungumza baadaye. Akaweka simu chini ya marobota, akapanda kigoda, akaanza kuitafuta ile ndefu.